Kilo tatu na nusu zilizopotea Jumamosi zikarudi Jumatano

*Shikamoo Shangazi,*

*Nina miaka 32, nauza vifaa vya simu Mbagala. Wiki tano zijazo mdogo wangu anaolewa Tanga, sare imeshashonwa, ila zipu inagomea kiunoni. Kuna dada wa mtandaoni akaniuzia seti nzima kwa shilingi 120,000: chai ya kutoa sumu ya siku 14, suti ya jasho na mkanda wa tumbo wa kufunga kwa ndoano. Masharti yake: chai kikombe kimoja kila usiku, wali na ugali marufuku, maji nisinywe mengi, na kila jioni nikimbie nusu saa na suti huku mkanda umefungwa ndani.*

*Jumatatu asubuhi nilikuwa kilo 78.4, kiuno sentimita 94. Jumamosi asubuhi mizani ikasoma 74.9, kiuno 89. Nilipiga vigelegele peke yangu. Ila kila alfajiri nilikuwa nakwenda chooni mara tano, na Jumamosi ile ile nikashikwa na kizunguzungu dukani mpaka nikakaa chini. Nikaacha vyote, nikarudi kwenye chakula changu: chapati mbili na chai ya sukari vijiko vitatu asubuhi, wali na soda mchana, jioni chai tena, usiku ugali. Jumatano mizani ikasema 78.1 na miguu imevimba, viatu vinabana. Yule dada anasema sumu zimerudi kwa sababu nimekatisha, nichukue dozi ya siku 28. Niambie ukweli, mafuta yaliyeyuka au hayakuyeyuka? Maana nikivua mkanda tumbo lote limelowa, na suti nikiikung'uta jasho linamwagika. Natumia vidonge vya uzazi wa mpango, kama inahusu.*

*Zipu Imegoma, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Dozi ya siku 28 usiinunue, na kilichobaki kwenye pakiti ya kwanza usikinywe. Sababu zinakuja, lakini kuna mawili hayasubiri.

La kwanza ni kile kizunguzungu. Kama kinakurudia ukisimama, au moyo unakwenda mbio au unaruka mapigo, au misuli ya miguu inakaza usiku, nenda kituo cha afya leo. Waambie wazi kwamba umeharisha siku tano kwa chai ya dawa, wakupime presha na chumvi za damu, hasa potasiamu. Nimewaona wengi wanaona haya kuitaja chai, wanasema tu "nimechoka choka", mganga anaanza kutafuta malaria.

La pili ni vidonge. Kidonge cha uzazi wa mpango huingia kwenye damu kupitia utumbo mwembamba, saa chache baada ya kukimeza. Chai hufanya kazi yake chini zaidi na baadaye, kwa hiyo kuendesha mara moja alfajiri si tatizo. Lakini kuharisha kukali kunakozidi siku nzima huhesabiwa kama umeruka vidonge. Wewe umeharisha siku tano mfululizo. Endelea na vidonge kama kawaida, tumieni kondomu mpaka zitimie siku saba tangu tumbo lilipotulia, na kama wiki ile mlikutana bila kondomu, pita kliniki waeleze. Hedhi ikichelewa, pima. Aliyekuuzia hakukuuliza hata kama una dawa unayomeza, na hapo peke yake ningemtilia shaka.

Sasa tukae na zile namba zako, maana umeniandikia vizuri kuliko wagonjwa wengi niliowahi kuwahudumia nilipokuwa afisa lishe. Kilo moja ya mafuta ya mwili imebeba nishati ya kalori kama 7,700. Ili kilo 3.5 ulizopoteza ziwe mafuta matupu, mwili wako ungetakiwa kuunguza karibu kalori 27,000 za akiba ndani ya siku tano, yaani zaidi ya 5,000 kwa siku. Mwanamke wa kilo zako anayesimama dukani na kukimbia kidogo jioni hutumia kama 2,000 kwa siku. Hata ungefunga kabisa, usile punje siku zote tano, ungeunguza 10,000, na hiyo haifiki hata kilo moja na nusu ya mafuta. Na wewe ulikuwa unakula.

Ligeuze upande wa pili uone. Kutoka Jumamosi hadi Jumatano ulirudisha kilo 3.2. Yangekuwa mafuta, ungelazimika kula kalori 6,000 na ushee kila siku juu ya zile unazotumia. Sahani ya kawaida ya wali maharage tuikadirie kalori 700. Hizo ni sahani kama tisa kila siku, baada ya kuwa umeshashiba chakula chako cha kawaida. Ungekumbuka, mwanangu.

Kinachoweza kuondoka kilo tatu kwa siku tano na kurudi kwa siku nne ni maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, haihitaji kuunguzwa, inatoka kwa njia yoyote iliyo wazi na inarudi kwa glasi. Mizani ya chumbani haijui kutofautisha. Inajua uzito tu.

Maji yako yalitoka kwa njia tatu. Ya kwanza ni chai. Angalia pakiti, nina hakika kubwa utaona sena, kwa n mbili, au kasia, kwa C na s mbili. Ni mmea mmoja, ule ule sanamaki wa bibi zetu, dawa ya mtu aliyefunga choo, inayojulikana tangu zamani na inayofaa kwa kazi hiyo, siku moja moja. Kazi yake inafanyika hivi. Ukiinywa usiku inapita tumboni na kwenye utumbo mwembamba bila kufanya lolote. Ikifika kwenye utumbo mpana, vijidudu vya huko vinaichambua, ndipo inaanza kuukoroga utumbo na kuuzuia usinyonye maji. Inachukua saa 6 hadi 12, ndiyo maana alfajiri ndiyo ulikuwa unakimbilia chooni.

Hapo ndipo penye siri yote ya biashara hii. Chapati yako, mafuta yake na sukari ya chai vinameng'enywa na kunyonywa kwenye utumbo mwembamba. Mpaka makombo yanafika utumbo mpana, ambako sanamaki inangoja, shibe yote imeshaingia kwenye damu. Kinachoshuka huko kwa siku ni kama lita moja na nusu ya majimaji na makapi, na kazi ya utumbo mpana ni kuyarudisha yale maji mwilini, ubaki mzigo mdogo wa kutoka. Chai inaukataza kuyarudisha. Kwa hiyo unachomwaga chooni ni maji yako mwenyewe na chumvi zake. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani walipima jambo hili kwa watu waliojiharisha kwa dawa za namna hii mpaka wakatoa lita 4 hadi 6 za majimaji. Nishati ya chakula iliyopotea ilikuwa asilimia 12 hivi tu. Lita sita chooni, na karibu chakula chote kimebaki ndani!

Habari ya sumu sitaipa nafasi kubwa. Ini na figo zinasafisha damu yako usiku na mchana bila kulipwa. Siku muuzaji akikutajia jina la sumu moja, moja tu, ambayo chai yake inaitoa, niandikie tena.

Njia ya pili ni ule wali na ugali uliokatazwa. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, inaitwa glikojeni, na mtu mzima hubeba kama gramu 400 au 500 hivi. Kila gramu moja hukaa na gramu tatu hivi za maji. Ukiacha wanga ghafla unaitafuna akiba hiyo siku za mwanzo. Tuseme wewe ulitumia gramu 300, zikaondoka pamoja na gramu 900 za maji. Hizo ni kilo moja na gramu 200, bila tone la mafuta. Ndiyo sababu kila mlo wa kupunguza mwili, uwe wa kweli au wa kitapeli, unaonekana muujiza wiki ya kwanza. Jumamosi ulipokula wali, akiba ikajazwa na maji yake yakarudi nayo.

Njia ya tatu ni jasho, na hapa naomba nikuletee mpwa wangu.

Huyu alikuwa bondia wa Manzese, akipigana uzito wa kilo 59. Siku moja kabla ya kupima uzito alikuwa na kilo 61 na nusu. Alivaa suti ya jasho kama yako, juu yake sweta mbili, akaruka kamba chumbani dirisha likiwa limefungwa, kila baada ya muda anatema mate kwenye kopo ili hata hayo yasimhesabie. Alipovua, mikono ya suti iliyobanwa na raba ilikuwa imejaa kama puto. Alipoilegeza, maji yakamwagika sakafuni kwa sauti. Asubuhi mizani ikasoma 58.9. Akapiga picha na mpinzani wake, akateremka jukwaani, na palepale nyuma ya pazia akaanza kunywa maji ya chumvi na sukari, akafuatia uji, wali, dafu. Kesho yake jioni alipanda ulingoni ana kilo 62. Mdomo wake ulikuwa umepasuka kabla hata hajapigwa. Nililaumu sana na bado nalaumu, lakini kitu kimoja sikuweza kumlaumu nacho: yeye alijua anatoa maji. Kambi yote ilijua. Hakuna bondia anayevua ile suti akadhani amepunguza kitambi. Wewe umeuziwa kifaa kile kile, umebadilishiwa maelezo tu.

Jasho linatoka kwenye damu. Tezi zake ziko kwenye ngozi, zinachota maji na chumvi kutoka kwenye mishipa midogo iliyo karibu nazo, na hazina mlango wowote wa kuingilia kwenye mafuta. Mafuta hayayeyuki kwa joto kama samli kikaangoni, maana hata sasa ukiwa umekaa yako kwenye joto la nyuzi 37. Yanaondoka mwili unapoyahitaji kwa kazi. Yanavunjwa, yanaingia kwenye damu, yanachomwa kwenye misuli, na mabaki yake yanatoka zaidi kwa pumzi. Ukiunguza kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 hivi zinatoka puani na mdomoni kama hewa ya kabonidayoksaidi, na kilo 1.6 tu zinakuwa maji. Mafuta yako ukiyapunguza utayapumua. Hayana njia ya kulowesha mkanda.

Nusu saa yako ya kukimbia taratibu inatumia kalori kama 280. Hiyo ni sawa na gramu 36 za mafuta ya mwili, ukipenda vijiko viwili na nusu hivi vya chakula vya samli. Wakati huo huo, ndani ya suti unaweza kutoka jasho la gramu 700 au zaidi. Ukipanda mizani inaonyesha umepungua karibu robo tatu ya kilo. Mbio ni za kweli na zile gramu 36 ni halali yako, ila ungezipata hata kwa kuvaa dera. Suti imeongeza maji tu.

Tena imekuondolea kitu. Jasho hupoza mwili linapokauka juu ya ngozi. Ndani ya plastiki halikauki, linachuruzika, kwa hiyo mwili unazidi kuchemka na unazidi kutoa jasho lisilosaidia. Ongeza joto la Dar es Salaam na unyevu wake, ongeza masharti ya kutokunywa maji, ongeza kuharisha. Mwaka 1997, katika muda wa wiki chache za Novemba na Desemba, wanamichezo watatu wa mieleka wa vyuo vya Marekani walikufa wakijitoa jasho kwa suti za namna hii ili wafikie uzito wao. Walikuwa vijana wenye mazoezi na makocha. Baada ya hapo suti hizo zikapigwa marufuku kwenye mchezo huo vyuoni. Kwa hiyo ukiona mtu mwenye suti jasho limekata ghafla, anaongea ovyo au anayumba, usimwambie ajikaze. Mvulishe, mmwagie maji, mpepee, mpeleke hospitali.

Sasa mkanda. Nyama laini hubonyea. Bana mkono wako kwa raba ya nywele dakika kumi uitoe, utaona bonde, kisha litajaa taratibu. Mkanda unafanya hivyo hivyo kiunoni: unasukuma maji yaliyo kati ya nyama, unayasogeza matumbo juu na chini, unaacha mistari ya ndoano mgongoni, na kwa saa moja mbili futi inasoma pungufu. Zile sentimita tano zako ni utumbo uliokuwa mtupu kwa kuharisha, maji yaliyotoka, na hilo bonde. Ukitaka kuhakikisha, siku moja pima asubuhi kabla ya kuvaa, vaa kwa muda wa saa nne, vua na upime palepale, kisha pima tena baada ya saa tatu. Utaona kiuno kinarudi kilikotoka bila wewe kula chochote cha ajabu.

Najua kuna atakayesema mbona mama zetu walifungwa tumbo kwa kanga baada ya kujifungua na matumbo yakarudi. Yalirudi, ndiyo. Kizazi kinajirudi chenyewe ndani ya wiki sita hivi, kwa kanga au bila kanga. Kufungwa kunampa mzazi mgongo na msuli wa kuegemea, anatembea bila kuhisi tumbo linamdondoka, na hiyo ni nafuu kubwa. Mafuta lakini hayakuwahi kutolewa na kanga.

Kitu kimoja mkanda unafanya kweli: ukibana tumbo unashiba haraka, kwa hiyo wengine wanakula kidogo. Wanalipa kwa kiungulia, pumzi fupi, na wakati mwingine paja linalokufa ganzi kwa sababu mshipa wa fahamu wa nyonga umebanwa. Kukimbia nao ndiko kubaya zaidi, maana ndipo mbavu zinahitaji kufunguka. Usilale nao, usifanye nao mazoezi. Siku ya harusi, kwa saa chache chini ya sare, sina ugomvi nao hata kidogo. Ni nguo kama sidiria. Vaa, pendeza, vua.

Miguu iliyovimba umeambiwa ni sumu. Mwili ulipopoteza maji na chumvi kwa siku tano ulidhani kuna ukame. Ukatoa homoni, mojawapo inaitwa aldosteroni, kuziamuru figo zisiachie chumvi wala maji. Chai ulipoiacha Jumamosi, amri ile haikufutwa siku hiyo hiyo. Ukala, ukanywa, na figo zikaendelea kuweka akiba mpaka miguuni. Kwa kawaida hushuka yenyewe katika siku kadhaa hadi wiki mbili, ukinywa maji kwa kiu yako na ukipunguza chumvi ya mezani. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwingine na kuuma, au ukikosa pumzi, hiyo ni habari nyingine, nenda hospitali.

Ona sasa mtego ulivyo mzuri kwa muuzaji. Kuacha chai kunakuvimbisha, kuvimba kunakurudisha kwenye chai. Ukifika siku 28, utumbo unaweza kuwa umezoea kusukumwa na dawa, ukiacha unafunga choo kabisa, nalo analiita sumu. Na potasiamu inazidi kushuka. Moyo ni msuli, unaihitaji.

Neno moja fupi kuhusu pakiti yenyewe. Kuna chai na vidonge vya kupunguza mwili ambavyo vimekutwa katika nchi mbalimbali vimechanganywa kimyakimya na sibutramini, dawa ya kukata hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara ya moyo na kiharusi. Chai ikikukausha mdomo, ikakunyima usingizi na njaa ikatoweka kabisa, si sanamaki peke yake iliyomo. Unaweza kuipeleka taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA.

Sasa, je, hukupunguza mafuta hata kidogo? Ulipunguza. Kwa masharti uliyopewa nadhani ulikuwa unakula kama kalori 1,300 kwa siku na kutumia 2,000. Pungufu ya 700 kwa siku tano ni 3,500, karibu nusu kilo ya mafuta. Jumatano ulikuwa chini ya Jumatatu kwa gramu 300, na miguu ikiwa bado imebeba maji. Hesabu zinakaribiana. Hiyo nusu kilo ulilipwa na kula pungufu na kukimbia, si na shilingi 120,000.

Kwa wiki tano zilizobaki nusu kilo kwa wiki inawezekana, na kwako haitaki maajabu. Chapati ya pili ya asubuhi iache; yenye mafuta ya kutosha ni kalori 280 hivi. Soda ya mchana iache, hiyo ni kama 145. Chai mbili za siku zina vijiko sita vya sukari, na kijiko kilichojaa kinafika kalori 20. Kunywa kwa kijiko kimoja kila kikombe, utaokoa 80. Ugali wa usiku kata robo, ongeza mchicha au kisamvu kisichojaa nazi. Umefika pungufu ya 550 bila kukimbia, na kwa wiki hiyo ni nusu kilo. Wali wako wa mchana ubaki. Kukimbia endelea nako ukipona, kwa nguo inayopitisha hewa na chupa ya maji mkononi.

Mizani panda kila asubuhi baada ya choo, kabla ya chai, ukiandika kwenye daftari la dukani. Usiisome siku moja moja. Jumlisha siku saba ugawe kwa saba, kisha linganisha wiki na wiki. Siku za kukaribia hedhi maji yanaweza kukuongezea kilo moja hata mbili, na wastani wa wiki ile utakudanganya, kwa hiyo ulinganishe na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita. Usishangae pia wiki ya kwanza ukishuka zaidi ya nusu kilo: ni ule uvimbe unaondoka. Wiki ya pili na ya tatu ndizo zitakuambia kweli.

Kwa hiyo siku ya harusi utakuwa pungufu ya kilo mbili na nusu hivi, za kweli. Zipu yako huenda ikapanda, huenda ikagoma kidogo. Kesho basi, kabla hujasahau, ichukue sare uipeleke kwa fundi, umwambie aigeuze ndani nje na akuonyeshe amebakiza kitambaa kiasi gani kwenye mishono ya pembeni. Kama ni sentimita moja na nusu kila upande wa mshono, akifumua pande zote mbili na kubakiza cha kushonea, unapata kama sentimita nne kiunoni. Ni kazi ya nusu saa. Mwambie asishone ya mwisho mpaka wiki moja kabla ya safari.